Vipimo Viko Sawa, Mwili Bado Unauma: Mgonjwa wa Arua na Koboko Aelezwe Nini?

Katika zahanati na vituo vya afya vya Arua na Koboko, mtu anayelalamika kwa miaka kwamba kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio na mwili mzima unauma, mara nyingi huambulia moja ya majibu mawili. La kwanza ni kwamba vipimo viko sawa, hana ugonjwa, aende nyumbani apunguze mawazo. La pili ni kwamba ana taifodi. Jibu la kwanza linamfukuza. La pili linampokea kwa uongo. Baada ya wiki chache anarudi mlangoni na maumivu yaleyale, ila mfuko ni mwepesi zaidi.

Lipo jibu la tatu, na wengi hulidhania kuwa ni upole tu wa maneno. Mimi nashikilia kwamba ni kazi ya utabibu kama kushona jeraha: ina hatua, ina makosa yanayojulikana, na inaweza kufanywa vizuri au vibaya. Kiini chake ni kumjengea mgonjwa maelezo yanayotokana na kile kilichoonekana kwake, badala ya kumpa maelezo yanayotokana na kile ambacho maabara haikukiona.

Kwanza tuondoe dhana moja. Husemwa kwamba Mwafrika huumwa mwili mahali ambapo Mzungu huumwa moyo. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1999 uliangalia wagonjwa 1,146 wenye sonona waliofika katika vituo 15 vya nchi 14, Ulaya, Amerika, Asia na Afrika. Asilimia 69 kati yao walikuja wakitaja dalili za mwili tu. Walipoulizwa waziwazi kuhusu huzuni, kukata tamaa na kujilaumu, ni asilimia 11 tu waliokana kabisa. Kwa hiyo kuumwa mwili ni jambo la binadamu wote, na maumivu ya moyo huwa yapo palepale yakingoja swali. Mgonjwa huja na kichwa kwa sababu anajua kichwa ndicho kinachomruhusu kukaa kwenye benchi la kituo cha afya. Hakuna foleni ya watu waliopotelewa na mtoto.

Hata hivyo West Nile ina historia yake, na tabibu asiyeijua atauliza maswali hafifu. Idi Amin alipoangushwa mwaka 1979 na vita vilipoendelea mwaka uliofuata, watu wengi wa eneo hili walikimbilia Sudan na Zaire. Wakakwa wengi wa Koboko waliishi ukimbizini huko Yei. Miaka zaidi ya 30 baadaye, mapigano ya Juba ya Julai 2016 yalipoenea hadi Yei, barabara ileile ilitembewa kinyume: watu wa Yei wakaingia Uganda kupitia mipaka kama Oraba. Wengine walipewa viwanja Rhino Camp na Imvepi, wengine wakapanga vyumba mjini Koboko na Arua kwa watu wa lugha yao. Wakongo nao wako Lobule. Maana yake ni kwamba tabibu anayemsikiliza mama wa Yei pengine alizaliwa na mama aliyekimbilia Yei. Wakati mwingine hilo husaidia. Wakati mwingine humfanya aseme, "Sisi sote tulipitia hayo," na kisa kikaishia hapo.

Kabla ya kufika kwenye maelezo, kuna kazi ya kutafuta ugonjwa, na katika eneo hili kazi hiyo si ya kupitishwa haraka. Mfano mzuri ni malale. Aina ya malale ya West Nile, inayoletwa na mbung'o wa kando ya mito, hutembea polepole kwa miezi na hata miaka. Mgonjwa huumwa kichwa, viungo huuma, ngozi huwasha, tabia hubadilika, usingizi wa usiku hupotea na ule wa mchana humshika akiwa ameketi. Dalili hizo zote zinaweza kuandikwa kwenye daftari lake kuwa "mawazo". Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeiondoa aina hii kama tatizo la afya ya jamii, na ni ushindi wa kweli, lakini ugonjwa ukishakuwa adimu ndipo husahaulika kwa urahisi. Mpaka na Sudan Kusini na Kongo uko karibu. Kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidole kipo, na tezi zilizovimba nyuma ya shingo zinapapaswa kwa vidole bila gharama yoyote.

Mengine ni ya kawaida zaidi: upungufu wa damu kwa mama anayechoka na kusikia moyo ukidunda, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi kwa anayetetemeka na kukonda, brusela kwa anayekunywa maziwa mabichi, kichocho kwa wa kando ya Nile, virusi vya UKIMWI, kifua kikuu, kisukari, presha, ujauzito, pombe. Kuna pia ishara zinazokataza kabisa kusema "si kitu": kupungua uzito, homa isiyoisha, kichwa kinachoanza ghafla kwa mtu aliyevuka miaka 50, kutapika alfajiri pamoja na kuumwa kichwa, mkono au mguu kulegea, shingo kukakamaa, kuzimia kwa degedege.

Vipimo hivi vinapangwa mara moja, pamoja, na mgonjwa anaelezwa mapema kwamba huenda vyote vikaja safi na bado kutakuwa na la kufanya. Hapo ndipo wengi hukosea. Tabibu anayetoa kipimo kimoja leo, kingine wiki ijayo, cha tatu mwezi ujao, anamfundisha mgonjwa kwamba kuna kitu kimejificha na kwamba kipimo kijacho ndicho kitakachokifichua. Akija kutamka kwamba hakuna kitu, hataaminika.

Sasa taifodi. Kipimo cha Widal kinachotumika katika maabara nyingi ndogo hutafuta kingamwili dhidi ya vijidudu vya taifodi. Katika nchi ambayo watu wengi wamewahi kukutana na vijidudu hivyo au jamaa zao, kingamwili hubaki kwenye damu muda mrefu, na hata malaria inaweza kuzipandisha. Widal moja, kwa mtu asiye na homa, haithibitishi lolote. Kinachothibitisha ni kuotesha damu maabara, na si kila kituo kina uwezo huo. Lakini karatasi ya Widal ina kitu ambacho maneno ya tabibu hayana: ina namba na mhuri. Inamwambia mgonjwa kwamba maumivu yake yana jina, na inamwambia mume na shemeji kwamba hadanganyi. Ndiyo maana huipenda. Kisha zinafuata sindano za siku tano, dripu, vitamini, na sindano ya kutuliza maumivu. Kwa siku chache anajisikia nafuu, kwa sababu amelala, amehudumiwa na ameaminiwa. Maumivu yakirudi, hitimisho ni kwamba taifodi imerudi.

Watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Peter Salmon walichapisha mwaka 1999 uchambuzi wa maelezo ambayo wagonjwa wa aina hii walikumbuka kupewa na madaktari wao. Waliyapanga katika mafungu matatu. Kuna yanayokana, yanayosema hakuna kitu. Kuna yanayokubali kila anachoamini mgonjwa ili amani iwepo, na mgonjwa huwa anajua kwamba daktari amesalimu amri tu. Na kuna yanayompa nguvu: yanataja namna mwili unavyofanya kazi kwa kitu kinachoshikika, yanamtoa lawamani, na yanamwachia kitu cha kufanya mwenyewe. Mpango huo unaingia West Nile bila kulazimishwa. "Punguza mawazo" ni fungu la kwanza. Taifodi ni la pili. La tatu ndilo ninalotaka kulifuata hatua kwa hatua, kwa mgonjwa wa mfano aliyetungwa kutokana na visa vinavyofanana. Si mtu mmoja.

Ni mama wa miaka 41, Mkakwa wa Yei, anauza mchicha na vitunguu sokoni Koboko. Aliingia Uganda mwishoni mwa 2016. Kwa miaka mitatu sasa kichwa kinamuuma karibu kila siku, utosini kuna moto, vidole na midomo hufa ganzi, moyo hupiga mbio usiku, na mgongo na mabega huuma. Daftari lake, lile la shule ambalo wagonjwa wa Uganda hulibeba kutoka kituo kimoja hadi kingine, lina mwandiko wa matabibu tofauti na neno taifodi limeandikwa mara nyingi.

Tabibu wa leo anaanza kwa kulisoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, mbele yake. Hiyo inachukua dakika sita au saba, na inafanya kazi ambayo maneno ya pole hayafanyi: mama anaona kwamba mateso yake yamesomwa. Kisha anauliza siku moja ya kawaida inavyokwenda tangu alfajiri. Anauliza maumivu yalianza lini hasa, na ni nini kilikuwa kikitokea miezi hiyo nyumbani. Halafu swali ambalo kwenye daftari lote halionekani kuulizwa: "Mama, wewe mwenyewe, ukilala usiku, unaogopa kwamba ni nini?"

Anajibu kwamba anaogopa damu iliyoganda kichwani. Njiani mwaka 2016 alipigwa kitako cha bunduki. Hakuzimia, alitembea siku mbili zaidi. Lakini jirani yake alianguka sokoni akafa, na watu wakasema ni damu ya kichwani. Tangu hapo kila kichwa kikigonga anangoja kuanguka.

Vipande vingine vinatoka polepole. Maumivu hayakuanza 2016. Yalianza baada ya malaria kali iliyomlaza wiki nzima. Homa ikaisha, kichwa hakikuisha. Miezi ileile mwanawe mkubwa alirudi Juba kutafuta kazi, simu yake ikazimika. Mumewe aliuawa Yei na hajui alikozikwa. Analala saa tatu au nne. Ameacha kwaya kwa sababu kelele zinamzidishia, na siku mbaya hulala kitandani mchana badala ya kwenda sokoni. Anameza panadoli karibu kila siku, na maumivu yakizidi hununua sindano dukani.

Uchunguzi unafanywa wote: uzito haujashuka, presha ni nzuri, damu inatosha, hakuna malaria, virusi wala sukari, kipimo cha malale ni safi, shingo haina tezi, macho na mboni ziko sawa, mikono na miguu ina nguvu, anatembea kwa mstari bila kuyumba. Misuli ya shingo na mabega ni migumu na inauma ikibonyezwa. Hilo la mwisho linaandikwa kwa sababu nalo ni jambo lililoonekana.

Hapa ndipo maelezo yanapoundwa. Swali halisi ni hili: kwa nini mtu huyu, dalili hizi, wakati huu, na kwa nini haziishi? Tabibu anatenganisha kilichomweka tayari, kilichoanzisha na kinachoendeleza. Kilichomweka tayari ni pigo la kichwa na msiba usio na kaburi. Kilichoanzisha ni malaria ya kweli iliyokutana na kimya cha mwana. Kinachoendeleza ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote, kwa kuwa ndicho kinachoweza kuguswa leo, na ndicho kinachosahauliwa. Yaliyopita Yei hayabadiliki. Panadoli inabadilika.

Mtu anayemeza dawa rahisi za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata kichwa kinachosababishwa na dawa zenyewe. Mama huyu amevuka hapo zamani. Ganzi ya vidole na midomo nayo ina sababu inayoshikika: anayepumua haraka kwa hofu hutoa hewa ya ukaa nyingi kuliko inavyofaa, na kemia ya damu ikibadilika, vidole na midomo huwasha na kufa ganzi, kichwa huzunguka, kifua hubana. Mabega magumu huvuta ngozi ya kichwa. Usingizi mfupi hushusha uwezo wa mwili kuvumilia maumivu. Kulala kitandani mchana kunamtenga na watu na kumwacha peke yake na mapigo ya moyo wake. Kila Widal inathibitisha hofu. Na hofu ya kuanguka ghafla inamfanya ajisikilize usiku kucha. Kwa maoni yangu huduma yenyewe, ile ya sindano na taifodi, ndiyo sehemu ya kisa hiki ambayo matabibu wanaona aibu zaidi kuiandika, na ndiyo maana haiandikwi.

Kisha tabibu anauliza moja kwa moja kuhusu huzuni, kukosa hamu ya mambo, na kama amewahi kufikiri ni afadhali afe au kupanga kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Kama sonona ipo, inatibiwa kama sonona, na kisa kinachukua njia nyingine. Mama huyu ana huzuni nzito siku nyingi, lakini bado anacheka na wateja, anapika, na hana mpango wa kujidhuru. Hilo linaangaliwa tena kila akija.

Sasa anaambiwaje? Lugha kwanza. Kikakwa, Kilugbara, Kiarabu cha Juba na Kiswahili vyote huzungumzwa kwenye korido moja, na mkalimani mwenye haraka hugeuza maelezo ya dakika tano kuwa "anasema kichwa kinauma". Aombwe atafsiri kwa vipande vifupi kama ilivyosemwa, na asiwe mtoto wa mgonjwa; mtoto hawezi kusikia jinsi baba alivyouawa kisha akalitafsiri. Mama wa mfano wetu amezoea Kiswahili cha sokoni, kwa hiyo wanaongea wenyewe.

"Mama, maumivu yako ni ya kweli. Hujayatunga, wala huna wazimu," anaanza tabibu. "Uliogopa damu kichwani. Damu ya kuganda tangu mwaka ule isingekaa kimya hivi. Tungeiona kwenye nguvu za mkono, kwenye macho, kwenye mwendo. Nimevipima mbele yako, viko sawa."

"Basi moto huu unatoka wapi, daktari?"

"Mwili wako umekuwa kama askari wa usiku aliyewahi kuvamiwa. Zamani alipiga filimbi mwizi akiruka ukuta. Sasa hata paka akipita anapiga filimbi. Filimbi ni ya kweli, masikio yako hayakosei. Ila haimaanishi kwamba mwizi yupo. Malaria ilikuwa mwizi wa kweli. Iliondoka, askari akabaki na hofu. Na panadoli za kila siku zimemzidishia."

Halafu anaonyesha. Anamwomba apumue kwa nguvu na haraka kwa muda wa dakika moja hivi, naye akipumua pamoja naye. Jaribio hili halifanywi kwa mwenye ugonjwa wa moyo, pumu, kifafa au ujauzito. Kabla dakika haijaisha mama anatazama vidole vyake. Ganzi imekuja. Kisha wanapumua polepole, kutoa pumzi kukiwa kurefu kuliko kuvuta, na ganzi inaondoka. Hakuna karatasi ya maabara inayoweza kushindana na kitu alichokihisi mwenyewe kikija na kuondoka mbele ya macho yake. Mantiki hiyohiyo hutumiwa na madaktari wa neva kwa mguu uliolegea bila kidonda cha neva: mgonjwa huonyeshwa kwamba mguu uliogoma kusukuma hupata nguvu wenyewe anapoinua ule mwingine. Ishara hiyo ilielezwa na Hoover mwaka 1908, na inageuza "sikuona kitu" kuwa "nimeona hiki".

Neno "mawazo" halijatajwa bado, na hiyo ni makusudi. Likitajwa mapema, mgonjwa husikia kwamba anaitwa mwendawazimu au mvivu. Njia ya kulifikia ni kumwacha mgonjwa alilete. Tabibu anauliza ni siku gani kichwa kilikuwa kibaya zaidi mwezi huu. Mama anafikiri, anasema ni Jumapili ile mtu alipokuja kutoka Juba bila habari za kijana. Anaisema mwenyewe. Tabibu anaitikia tu kwamba siku kama hiyo ingempigia filimbi askari yeyote.

Suala la mizimu halikwepeki. John Middleton, aliyeishi na Walugbara kuanzia 1949 na kuchapisha kitabu chake juu ya dini yao mwaka 1960, alieleza jinsi ugonjwa ulivyosomwa kama ujumbe kutoka kwa wafu kuhusu uhusiano ulioharibika katika ukoo. Makanisa na misikiti imebadilisha mengi tangu wakati huo, lakini wazo kwamba mwili huumwa kwa sababu ya jambo lisilokaa sawa baina ya watu bado lina nguvu, na si adui wa tabibu. Shangazi wa mama huyu amemwambia kwamba mume asiyezikwa anamfuata. Tabibu hahitaji kusema ni kweli wala ni uongo. Anauliza ukoo unaona nini kifanyike, na anaangalia kama ni salama: hakuna kufunga siku nyingi bila chakula, hakuna kuacha dawa za lazima, hakuna deni la kumfilisi. Wakiamua kufanya misa ya kumkumbuka marehemu, au kukusanyika na kumtaja jina, hiyo inaingia kwenye mpango wa matibabu bila kificho.

Mpango wenyewe ni mfupi. Panadoli inasimamishwa, na anaonywa kwamba kichwa kitazidi kwa siku mbili hadi kumi kabla ya kupungua. Asipoonywa atarudi siku ya tatu kwa kituo kingine, na taifodi itaandikwa upya. Kupumua polepole mara mbili kwa siku. Kulala na kuamka saa ileile. Kurudi sokoni nusu siku, kisha siku nzima. Kwaya arudi, akae mbali na ngoma. Kuhusu mwanawe, anaelekezwa kwenye huduma ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta ndugu waliopotezana. Na anapewa tarehe ya kurudi kila baada ya wiki nne, kwa tabibu yuleyule, aumwe au asiumwe, ili asilazimike kuumwa sana ndipo aonwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wasio mabingwa unakataza kumpa mgonjwa wa aina hii sindano za vitamini na dawa nyingine zisizosaidia, na unamzuia mhudumu kuanzisha dawa za sonona au za wasiwasi kwa uamuzi wake bila ushauri wa bingwa. Madaktari wa kichwa hutumia dozi ndogo ya amitriptilini usiku kwa kichwa sugu. Hilo liachiwe hospitali ya rufaa ya Arua.

Mbinu hii ina mipaka. Uingereza walipowafundisha madaktari wa kawaida namna ya kuunganisha dalili za mwili na maisha ya mgonjwa, mazungumzo yaliboreka, lakini jaribio lililochapishwa 2007 halikuonyesha kwamba wagonjwa walipata nafuu zaidi. Nadhani sababu ni kwamba maelezo yalikuwa fungu la kwanza lililovaa nguo za la tatu: yalimpeleka mgonjwa kwenye mawazo yake kabla ya kumpa kitu cha kufanya na mwili wake. Huko Rhino Camp, jaribio lililochapishwa 2020 liliwapa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini vikao vitano vya kikundi vilivyorekodiwa sauti, vya kufundisha jinsi ya kukabiliana na dhiki. Wanawake 694 walishiriki. Nafuu ilikuwa kubwa mara baada ya vikao, ikapungua miezi mitatu baadaye, ila haikutoweka. Mtu ambaye mgao wa chakula umekatwa hawezi kupumua polepole mpaka akashiba, na tabibu mwaminifu hatasema vinginevyo.

Mpaka mwingine ni hatari ya kukosea. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2005 yalionyesha kwamba kati ya wagonjwa wa neva walioambiwa hawana ugonjwa wa viungo, waliokuja kugundulika kuwa nao walikuwa karibu asilimia 29 katika miaka ya 1950 lakini takriban asilimia 4 tangu miaka ya 1970. Takwimu hiyo inatuliza, ila ilitoka kwenye hospitali zenye mashine na mabingwa. Haiwezi kubebwa nzimanzima hadi kituo cha afya cha Lobule. Kwa hiyo kila ziara ina uchunguzi mfupi wa mwili na kipimo cha uzito, na mgonjwa anajua ishara zinazomleta siku hiyohiyo bila kungoja tarehe. Akija na jambo jipya, linachunguzwa kama jipya.

Kinachoangusha kazi hii mara nyingi zaidi ni uhamisho. Tabibu anapelekwa kituo kingine, au mama anaumwa Jumamosi na kuingia zahanati ya kwanza anayoikuta. Mwaka 1986 daktari G. Richard Smith huko Marekani alijaribu dawa rahisi ya tatizo hilo: barua kwa daktari wa mgonjwa, ikimshauri amwone kwa tarehe zilizopangwa, ampime kwa mikono, na asiagize vipimo bila ishara mpya. Gharama za matibabu zilishuka kwa asilimia 53, na afya ya wagonjwa haikuzorota. Arua na Koboko hazihitaji barua, kwa sababu daftari lipo tayari mkononi mwa mgonjwa.

Basi, tabibu unayesoma haya, kabla hujamruhusu aondoke andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa mwandiko unaosomeka, kitu kama hiki: "Kichwa cha kila siku, misuli ya shingo na dawa za maumivu zilizozidi, ganzi ya kupumua haraka, imeonyeshwa mbele yake. Vilivyopimwa na tarehe zake ni hivi. Anaogopa damu kichwani, mwulize. Asipewe Widal wala sindano bila homa. Arudi kwangu kila wiki nne. Aonwe haraka akiwa na homa, akipungua uzito, akitapika alfajiri, au kiungo kikilegea." Kisha msomee kwa lugha yake, na umwombe akueleze kwa maneno yake alichoelewa.